Jagi moja la maji ya mvua: limwagwe lini?

Nilikuwa naamini kwamba nywele zikilia chini ya vidole wakati wa kusuuza, basi zimetakata. Kisha nikahamia nyumba inayotumia maji ya kisima kirefu, na tangu wiki ya kwanza nywele zangu zikawa zinalia kila nilipoziosha. Zikikauka zilikuwa kama katani: zimepauka, zimekakamaa, chanuo linakwama hata mahali pasipo na fundo. Msusi wangu alizishika mara moja tu, akasimamisha mikono.

"Dada, umepaka nini humu?"

"Sijapaka kitu. Nimeziosha asubuhi kwa sabuni."

Akaubana unywele mmoja kati ya kucha mbili, akauvuta taratibu kutoka shinani hadi nchani, kisha akanionyesha ukucha wake. Kulikuwa na unga mweupe unaonata kidogo, kama nta iliyosagwa. "Basi hukusuuza, dada."

Nilikuwa nimesuuza kwa ndoo nzima ya lita 20. Kauli ile iliniuma kwa sababu haikuwa kweli, na ilinichukua miezi kadhaa ya kupima na kujaribu hadi nikaelewa kwamba ule unga haukubaki kichwani kwa kuwa nilisuuza kidogo. Uliwekwa pale na kusuuza kwenyewe.

Maji ya mvua huanguka yakiwa karibu hayana madini. Yakipenya ardhini, hasa penye mawe ya chokaa, huyeyusha kalsiamu na magnesiamu na kwenda nayo hadi kisimani. Maji yaliyobeba madini hayo kwa wingi ndiyo tunayoyaita maji magumu. Wapimaji hueleza ugumu huo kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja: hadi 60 ni maji laini, na yakipita 180 ni magumu sana. Kwa karatasi za kuchovya zinazobadilika rangi, maji ya kisima chetu yalisoma karibu 300, na maji ya mvua niliyokinga kwenye beseni safi yalisoma karibu sifuri. Asiye na karatasi anaweza kutumia chupa mbili: atie maji yake katika moja na ya mvua katika nyingine, kiasi sawa, adondoshe matone sawa ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, atikise. Maji laini yatatoa povu mara moja. Maji magumu yatakuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na juu yake vitaelea vipande vidogo vya utando.

Utando huo ndio kiini cha habari yote. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na alkali, na kila chembe yake ina mkia unaopenda mafuta na kichwa chenye chaji hasi kinachopenda maji. Ikiwa majini, vichwa hivyo huwa huru, na ndiyo maana sabuni inayeyuka na kuondoka na uchafu. Kalsiamu ina chaji chanya mbili. Ikikutana na sabuni, hukamata vichwa viwili kwa mpigo na kuvifunga, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena majini. Ni nta nyeupe, ileile inayoganda pembezoni mwa beseni la kuogea. Haisafishi, haitoi povu, na ikishaushika unywele, hata ukiumwagia maji kiasi gani haitauachia.

Nilikaa nikapiga hesabu, nayo ilinishtua. Lita moja ya maji yenye ugumu wa 300 inaweza kuua karibu gramu 2 za sabuni, na kila gramu ya sabuni inayouawa hugeuka kuwa karibu gramu moja ya nta hiyo. Sasa linganisha na chokaa inayoachwa na maji yenyewe yanapokauka kichwani. Tuseme baada ya kukamua nywele zimebaki na mililita 100 za maji ya kisima. Zikikauka zote, zinaacha miligramu 30 tu. Kwa hiyo lita moja ya maji yaliyokutana na sabuni inaweza kuzaa uchafu mara sitini ya ule unaoachwa na maji yaliyokaukia kichwani. Si wote utakaonasa kwenye nywele, mwingi huenda na maji, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Watu wengi hulaumu "chumvi ya maji" peke yake. Kwa anayeoshea sabuni ya kipande, maji ni nusu ya kosa; nusu nyingine anaishika mkononi.

Sasa, kwa nini nilisema kusuuza ndiko kunakouweka? Unapokuwa unasugua, kichwani kuna sabuni nyingi na maji machache. Utando unaozaliwa hapo ni mdogo, na sabuni ya ziada inauzunguka na kuufanya uelee ndani ya povu bila kushika. Ukiona povu zito, ujue sabuni bado inashinda. Kisha unamimina jagi la kwanza la maji magumu. Kwa mara moja mambo mawili yanatokea: sabuni inapungua, na kalsiamu mpya inaingia kwa wingi. Sabuni iliyokuwa imebaki kati ya nywele inageuka nta palepale ilipo, na ile ya ziada iliyokuwa ikiielesha imeshasombwa. Inajibandika. Dakika ileile ambayo mtu anadhani anatoa uchafu ndiyo dakika ambayo anaupaka.

Na ule mlio? Ni msuguano. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, yakielekea nchani, na ukiwa mzima una tabaka jembamba sana la mafuta linalofanya vidole viteleze. Nta ya kalsiamu ikitua juu ya magamba hayo kwa vipunje visivyo sawa, kila unywele unakuwa na mikwaruzo, unakwama kwa jirani yake, na vidole vinapopita vinatoa sauti. Mng'ao nao hupotea kwa sababu hiyohiyo. Unywele unang'aa pale uso wake unaporudisha mwanga upande mmoja kama kioo. Ukiwa na vipunje juu yake, mwanga unatawanyika kila upande, na jicho linaona rangi iliyofifia. Rangi ya nywele haijabadilika. Ni uso wake uliopoteza ulaini.

Nilitaka kuiona tofauti kwa macho, si kwa hesabu tu. Nilikusanya nywele zangu zinazotoka kwenye chanuo kwa wiki kadhaa, nikazipanga na kuzifunga mashungi matatu yanayolingana, kila moja unene wa penseli. Nikayaosha yote kwanza kwa shampuu na maji ya mvua ili yaanze sawa. Shungi la kwanza nikaliosha kwa sabuni ya kipande na kulisuuza kwa maji ya kisima mwanzo hadi mwisho. La pili nikaliosha kwa sabuni ileile na maji yaleyale ya kisima, ila maji ya kwanza ya kusuuza yakawa nusu lita ya maji ya mvua, ndipo nikamalizia kwa ya kisima. La tatu nikageuza: nikasuuza kwa maji ya kisima kwanza, na nusu lita ya mvua nikaimwaga mwisho kabisa.

Nilirudia mara tano, siku baada ya siku, kila mara nikiyaacha yakauke kivulini. Kufikia mara ya tatu sikuhitaji kuangalia alama nilizofunga. Shungi la kwanza lilisimama lenyewe kama brashi, na nilipolivuta katikati ya kitambaa cheusi liliacha mstari mweupe. La tatu, ambalo lilipata maji ya mvua mwishoni, lilikuwa karibu sawa na la kwanza. Mstari ulikuwa mwembamba kidogo, basi. La pili liliinama mkononi, chanuo lilipita, na kitambaa kilibaki cheusi isipokuwa vumbi hafifu. Maji ni yale, sabuni ni ile, kiasi cha maji ya mvua ni kilekile. Kilichotofautiana ni wakati wa kuyamwaga.

Hapo ndipo nilipoacha ushauri niliokuwa nimeusikia kwa kila mtu, kwamba maji mazuri yawekwe kwa ajili ya kumalizia. Kwa mtu wa sabuni ya kipande, ushauri huo unachelewa. Nta ikishazaliwa, maji ya mvua hayaiyeyushi, ni sawa na kumwagilia mshumaa. Jagi la maji laini linapaswa kuja kwanza, sabuni ikiwa bado ni sabuni, ili iondoke ikiwa bado inayeyuka. Kwa kichwa changu lita 2 zinatosha, nikizimwaga taratibu kutoka juu huku nikikamua kwa mkono kuelekea nchani. Baada ya hapo maji ya kisima hayana sabuni ya kutosha ya kukutana nayo.

Asiye na maji laini kabisa bado ana la kufanya. Kabla ya kumwaga tone lolote la kusuuza, akamue povu lote kwa viganja, shungi baada ya shungi, na kulitupa. Kila gramu ya sabuni iliyoondoka kwa mkono ni gramu isiyogeuka nta. Mimi nilikuwa nikifanya kinyume: nywele zikiwa ngumu, naongeza sabuni, nasugua tena, nasuuza tena, na kila mzunguko unaongeza tabaka.

Shampuu ni habari nyingine, na inafaa kutenganishwa vizuri kwa sababu kanuni ya jagi inageuka. Shampuu nyingi za maji hazitumii sabuni ya mafuta na alkali. Zina viosheo vya aina nyingine ambavyo kalsiamu haivigeuzi kuwa nta kwa urahisi. Povu linapungua katika maji magumu, lakini utando hauzaliwi kwa kiasi kile. Kwa anayetumia shampuu ya namna hiyo, kinachobaki ni madini yenyewe: yale yanayokaukia kichwani na yale yanayoshikwa na unywele. Yeye ndiye afuate ushauri wa kumalizia kwa maji laini, kisha akamue nywele kwa taulo badala ya kuziacha zidondoke, maana maji yaliyokwenda na taulo hayakauki kichwani. Ila aangalie: si kila kitu kiitwacho shampuu ni shampuu kwa maana hiyo. Ziko za vipande zilizotengenezwa kwa sabuni ya kawaida. Jaribio la chupa linasema kweli: ukiona vipande vya utando vinaelea, hiyo ni sabuni, hata kama jina lake ni lingine.

Unywele nao hushika madini, na si nywele zote zinazoyashika sawa. pH ni kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi. Katika maji yenye pH ya juu kuliko 3.7 hivi, uso wa unywele una chaji hasi, na maji ya kisima kwa kawaida huwa na pH ya 7 au zaidi. Kalsiamu yenye chaji chanya inavutwa. Nywele zilizopaushwa kwa dawa, zilizowekwa rangi mara nyingi au zilizokaa sana juani zimepoteza lile tabaka la mafuta, na zimeongezeka sehemu zenye chaji hasi, kwa hiyo hushika kalsiamu nyingi zaidi. Ndiyo maana ncha, ambazo ni sehemu kongwe ya unywele, hukakamaa mapema kuliko shina. Nikigusa nywele zangu kuanzia kichwani kwenda chini naweza karibu kuhesabu miezi.

Kondishena hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: viambato vyake vikuu vina chaji chanya na hujipachika penye chaji hasi, mikia yake ya mafuta ikielekea nje, na nywele zinateleza. Kalsiamu ikiwa imeshakalia nafasi hizo, kondishena inapata pa kushika pachache. Na likibaki povu la sabuni, chaji hasi ya sabuni na chaji chanya ya kondishena hushikana zenyewe kwa zenyewe, na unapata kitu kizito kinachonata. Niliwahi kuilaumu kondishena iliyokuwa haina kosa lolote.

Sasa siki, ambayo kila mtu huitaja. Inasaidia, lakini nimeona watu wakiitumia kwa namna inayowakatisha tamaa, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni kipimo. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5. Kijiko kimoja kikubwa, mililita 15, katika lita moja ya maji ya mvua kinatoa pH ya karibu 3.3. Kijiko hichohicho katika lita ya maji ya kisima chetu hakifiki hapo. Ugumu wa maji yetu umebebwa zaidi na bikaboneti, nayo hula asidi. Nikipiga hesabu, karibu nusu ya siki inaliwa kabla haijafika kichwani, na pH inabaki kwenye 4.7. Vijiko viwili vinaishusha hadi 4.3 hivi. Kwa hiyo mtu anayefuata kipimo cha mwenzake mwenye maji laini anadhani siki haimfai, kumbe maji yake ndiyo yameila. Namna bora ni kuichanganya katika maji ya mvua. Kuongeza siki bila kikomo sikubaliani nako. Siki isiyozimuliwa huunguza ngozi ya kichwa, na haifai penye kidonda au karibu na macho. Kuna pia siki kali za kusafishia vyombo zenye asidi zaidi ya asilimia 5, hizo ziachwe huko.

Sababu ya pili ni mpangilio. Asidi ikikutana na chokaa tupu, kama ukoko wa ndani ya birika, chokaa huchemka vipovu na kuyeyuka, na mambo yamekwisha. Ikikutana na nta ya kalsiamu, huifungua: kalsiamu inaachia na kwenda na maji, lakini kinachobaki ni ile mikia ya mafuta, asidi za mafuta zisizoyeyuka majini. Unaweza kuliona hilo nje ya kichwa. Kwangua utando wa pembezoni mwa beseni, uweke kwenye siki ya vuguvugu. Hautoi vipovu kama chokaa ya birika. Baada ya muda unalainika na kuacha mafuta juu ya maji. Ndicho kinachotokea kwa mtu aliyeosha kwa sabuni kwa miezi, akamalizia kwa siki, akakausha, akakuta nywele zimeacha ugumu na kuwa na mafuta mazito. Anadhani siki imeziharibu. Kazi imefika nusu tu. Siki ilipaswa kuja kabla ya shampuu, ili shampuu ibebe mafuta yaliyofunguliwa.

Nilivyozisafisha zangu ilikuwa hivi. Nililowesha nywele kwa maji ya mvua. Nikachanganya vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji hayo, nikamimina taratibu nikirudisha kwa beseni lililo chini ili nirudie kumimina, nikaacha dakika tatu. Nikasuuza kidogo, nikaosha kwa shampuu ya maji, nikasuuza, kisha kondishena. Mara ya kwanza ziliachia robo tu ya ugumu wake, na nilivunjika moyo. Nilirudia baada ya wiki, na tena wiki iliyofuata. Kwenye mara ya tatu nilitumia shampuu iliyoandikwa EDTA kati ya viambato vyake. EDTA huikumbatia kalsiamu na kuitoa kwenye unywele, jambo ambalo shampuu ya kawaida ya kuondoa mafuta haiwezi hata ikiwa kali vipi. Shampuu za namna hiyo huacha nywele kavu, kwa hiyo mimi huitumia mara moja kwa mwezi na si zaidi.

Magadi ya kuokea niliyajaribu mapema kabisa, kabla sijaelewa lolote, kwa kuwa yanasifiwa kulainisha maji. Maji yake yana pH ya zaidi ya 8, yanauongezea unywele chaji hasi na kuinua magamba. Nywele zilijisokota hata zikashindikana kuchanika. Chujio la kufunga kwenye bomba la kuogea nalo halikunisaidia. Mengi ya hayo yana mkaa, na mkaa hupunguza klorini na harufu lakini kalsiamu inapita humo kama kawaida. Kinachoondoa kalsiamu kweli ni mtambo unaobadilishana kalsiamu kwa sodiamu, ule unaotiwa chumvi kila baada ya muda.

Kuchemsha kunasaidia kwa sehemu. Ugumu unaotokana na bikaboneti hugeuka chokaa maji yakichemka na kutua chini. Nachemsha dakika chache, naacha usiku kucha, asubuhi namimina yaliyo juu bila kutikisa chini. Maji yangu yalishuka kutoka 300 hadi karibu 100 kwenye karatasi, kwa hiyo mvua isiponyesha, hayo ndiyo jagi langu. Ila ugumu unaotokana na salfeti hauondoki kwa moto. Dalili yake ni kwamba birika halijengi ukoko mwingi na bado sabuni haitoi povu. Mwenye maji hayo asipoteze kuni zake.

Nisiseme zaidi ya ninachokijua. Watu huniuliza kama maji magumu yanaangusha nywele. Madini haya hukaa juu ya unywele uliokwisha kuota, si kwenye mzizi, na tafiti chache zilizopima nguvu ya unywele zimetoa majibu yanayopingana. Nywele zilizokwama huvunjika zikichanwa kwa nguvu, hilo nimeliona. Unywele uliovunjika ni mfupi na hauna kishina cheupe mwishoni. Uliotoka na mzizi una kishina. Chache za namna hiyo kila siku ni kawaida, lakini zikizidi, zina sababu nyingine inayostahili kupelekwa kwa daktari.

Jambo moja lilinitatiza mwanzoni nilipoanza kumwaga jagi la mvua kwanza. Nywele zilikuwa zinateleza mno, nikadhani sabuni haijatoka, nikaendelea kumwaga maji ya kisima hadi zilipoanza kulia tena. Yaani nilikuwa nazisuuza mpaka ziharibike. Siku hizi nasimama kwenye utelezi huo. Nachovya kidole kwenye maji yanayodondoka nchani: yakiwa maangavu na hayana povu, naacha hapo hapo.

Msusi wangu bado hunifanyia kipimo chake cha kucha mbili kila ninapokaa kwenye kiti chake, kabla hata hajanisalimu vizuri. Mara ya mwisho ukucha ulitoka mtupu hadi karibu na ncha, na hapo, sentimita tatu za mwisho, bado kulikuwa na unga kidogo. Ni nywele za zamani hizo, za wakati wa ndoo ya lita 20. Akachukua mkasi.